Tangazo la Saa za Kazi: Kipi Kimeamuliwa, Kipi Bado Kinaongeleka

Tangazo lenyewe nililichapa mimi. Naanza na hilo ili msomaji asije akadhani nawasema watu wengine tu. Nilikuwa wiki ya tatu ya fildi, shule moja binafsi ya sekondari, nikiwa na kompyuta mpakato yangu na sifa ya "kijana anayejua kuchapa haraka". Ijumaa moja mwishoni mwa Julai, saa 9 alasiri, Mkuu wa Shule aliniita ofisini, akanisomea mistari mitatu kutoka kwenye daftari lake, nikaichapa, nikaitoa, nikaibandika kwenye ubao wa ofisi ya walimu. Ilisomeka hivi:

"Watumishi wote mnajulishwa kwamba kuanzia Jumatatu saa za kazi zitakuwa 7:00 hadi 16:30. Imeamuliwa hivyo kwa maslahi ya shule. Mnaombwa kuzingatia bila kukosa."

Wa kwanza kulisoma alikuwa mama mpishi. Alinigeukia akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, saa saba mchana ndiyo tuanze kazi, uji wa asubuhi atapika nani?" Nikacheka. Sikupaswa kucheka. Mama yule anasoma saa kama tunavyoisoma wote tunapozungumza, na mimi ndiye niliyeandika saa kama inavyoonekana kwenye simu. Tangazo la saa za kazi lililokosea saa, hiyo tayari ni alama sifuri, na bado hatujafika kwenye mambo mazito.

Jumatatu yake walimu saba walifika muda wao wa zamani, saa 1:30. Hakuna aliyegoma wala aliyepiga kelele. Walisaini daftari la mahudhurio, wakaingia darasani, wakafundisha. Kufikia Jumatano Mkuu alilibandua tangazo kwa mkono wake mwenyewe. Nataka nieleze kilichotokea kati ya hapo na tangazo la pili, kwa sababu mwakani wengi wetu tutakuwa mashuleni, na baada ya miaka michache baadhi yetu tutakuwa upande ule wa meza unaotoa matangazo.

Kwanza sababu, maana tangazo la kwanza liliificha. Shule ilikuwa na mabasi mawili, moja likaharibika injini. Basi lililobaki likalazimika kupiga ruti mbili asubuhi na ruti mbili jioni. Wanafunzi wa ruti ya kwanza wakawa wanashushwa getini saa 12:50 asubuhi, na wa ruti ya mwisho wanaondoka saa 10:30 jioni. Saa za zamani za walimu zilikuwa 1:30 asubuhi hadi 9:30 alasiri. Hesabu ni rahisi: asubuhi kuna dakika arobaini ambazo watoto zaidi ya sitini wako uwanjani na mlinzi mmoja, na jioni kuna saa nzima ya namna hiyo hiyo. Mkuu alikuwa halali vizuri kwa jambo hilo, na alikuwa na haki ya kutolala.

Sasa angalia alichofanya. Shida yake ilikuwa "lazima wawepo watu wazima shuleni kuanzia saa 1:00 hadi saa 10:30". Alichotangaza ni "kila mtu awepo kuanzia saa 1:00 hadi saa 10:30". Hayo ni mambo mawili tofauti. La kwanza halina mjadala, kwa sababu mtoto hawezi kuachwa uwanjani. La pili ni njia moja tu kati ya njia kadhaa za kulitimiza la kwanza, tena njia ghali kuliko zote. Alipolifunga la pili kwa kufuli moja na la kwanza, aliyepinga njia akaonekana anapinga usalama wa watoto, na kwa hiyo hakuna aliyesema neno. Ukimya ule aliuhesabu kuwa makubaliano. Nami nilidhani hivyohivyo.

Aliyetuamsha ni mhasibu. Alhamisi ya wiki ile aliingia ofisini na karatasi iliyopigwa mistari. Alikuwa amehesabu. Saa 1:00 asubuhi hadi 10:30 jioni ni saa tisa na nusu. Ukitoa saa moja ya chakula inabaki saa nane na nusu. Mara siku tano ni saa 42 na nusu. Ongeza Jumamosi, ambayo kwa mikataba ya shule ile ilikuwapo tangu zamani, saa 2:00 hadi 6:00 mchana, yaani saa nne. Jumla ni saa 46 na nusu kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa za kawaida kuwa 45 kwa wiki, zisizidi tisa kwa siku, na siku zisizidi sita. Zinazovuka hapo ni saa za ziada: lazima mfanyakazi awe amekubali, zilipwe mara moja na nusu ya mshahara wa saa, na zisizidi 50 katika kila wiki nne. "Mkuu," alisema mhasibu, "kwa tangazo hili kila mtumishi anatudai saa moja na nusu ya ziada kila wiki. Tukienda hivi mpaka Desemba sijui nitalipa kwa fungu gani."

Kuna kitu kingine ndani ya sheria hiyo ambacho nadhani wengi wetu tunakipita tu. Saa za kazi ni moja ya mambo ambayo mwajiri lazima ampe mfanyakazi kwa maandishi anapoanza kazi. Zikibadilika, sheria inamtaka mwajiri arekebishe maandishi hayo kwa kushauriana na mfanyakazi, kisha amjulishe kwa maandishi. Kushauriana kwanza, kujulisha baadaye. Kwa hiyo kusikiliza watumishi kabla ya kubadili saa si ukarimu wa Mkuu mwenye roho nzuri. Ni hatua ya kisheria, na tangazo lililobandikwa Ijumaa jioni kwa ajili ya Jumatatu asubuhi limeiruka.

Baada ya kubandua tangazo, kilichofuata karibu kituharibie zaidi. Makamu Mkuu, mtu mpole sana, alipendekeza tuandike upya kwa lugha laini. Rasimu yake ninayo bado:

"Ndugu watumishi, uongozi unaangalia uwezekano wa kufanya mabadiliko kidogo ya muda wa kazi. Tungependa kuanza mapema kidogo kama itawezekana. Maoni yenu yanakaribishwa."

Kwa masikio yangu ilisikika vizuri mno, mpaka mwalimu wa taaluma aliposoma kwa sauti na kuuliza: "Kwa hiyo Jumatatu nifike saa ngapi?" Hakuna aliyejua. Na palepale akaongeza jambo lililonikaa kichwani: "Watoto wa ruti ya kwanza watashuka saa 12:50, mkisema 'tungependa' au mkisema 'tutafanya'. Sasa kwa nini mnaniuliza kama niko radhi, wakati jibu langu halibadilishi kitu?"

Alikuwa sahihi. Rasimu ile ya upole ilikuwa na udanganyifu kuliko tangazo la ukali. Ilifungua mlango ambao tayari ulikuwa umefungwa. Mtumishi angekuja na hoja zake dhidi ya kuanza mapema, angesikilizwa kwa tabasamu, kisha angekuta kumeanzwa mapema vilevile. Mara ya pili hatakuja. Watu husamehe haraka kuambiwa "hapana" kuliko kuombwa maoni na kupuuzwa, na hilo nimeliona kwa macho pale shuleni na hata hapa chuoni kwenye ratiba za mitihani.

Kiswahili chetu kinakusaidia au kinakusaliti kwenye jambo hili, kutegemea kitenzi unachokichagua. Chukua "mnaombwa". Kwenye matangazo ya ofisi zetu neno hilo limeacha kuwa ombi siku nyingi. Kila mtu anajua kwamba ukikataa "ombi" hilo utaitwa ofisini. Ukilitumia kwa jambo lililoamuliwa unaonekana mnafiki, na ukilitumia kwa jambo ambalo kweli unaomba, hakuna atakayeamini kwamba unaomba. "Imeamuliwa" nalo lina ugonjwa wake: limeamuliwa na nani? Kauli ya kutendwa inamficha mwamuzi, na mtumishi mwenye hoja hajui aipeleke kwa nani. "Tumeamua" au "nimeamua" ni kauli nzito zaidi na wakati huohuo ina uso wa mtu. Halafu kuna -nge-: "tungependa", "ingekuwa vizuri". Hiyo ni sauti ya jambo ambalo bado linaelea. Iweke kwenye jambo lililokwisha kuamuliwa na umempa mtu matumaini ya bure. Jambo lililokwisha liandikwe kwa "-ta-" kavu: shule itafunguliwa, zamu zitaanza. Jambo lililo wazi liandikwe kwa "unaweza": unaweza kuomba zamu nyingine.

Kazi ya Ijumaa ile basi haikuwa kuandika. Tulikaa wanne, Mkuu, Makamu, mwalimu wa taaluma na mhasibu, nami pembeni na kompyuta, tukapanga kila jambo kwenye moja ya mafungu matatu. Fungu la kwanza ni yaliyokwisha, ambayo hata watumishi wote wakipinga hayatabadilika. Fungu la pili ni yanayoweza kubadilika kwa wote. Fungu la tatu ni yanayoweza kubadilika kwa mtu mmoja mmoja kwa sababu zake. Inaonekana rahisi, ila ilituchukua saa mbili, kwa sababu Mkuu alianza kwa kutia karibu kila kitu fungu la kwanza. Mwalimu wa taaluma alikuwa akimuuliza swali lilelile kila mara: "Mkuu, hili likibadilika, mtoto atabaki peke yake uwanjani?" Jibu likiwa hapana, jambo linahama fungu.

Mwisho fungu la kwanza lilibaki na mambo matatu tu: shule ina watu wazima kuanzia saa 1:00 hadi 10:30, mpango unaanza Jumatatu tarehe 25 Agosti, na mshahara haubadiliki kwa muhula huu. Hilo la mshahara Mkuu alitaka tusiliandike kabisa, "tusiwakumbushe". Mhasibu akamwambia watu wenyewe ndiko watakakoanzia, na wakikuta halimo watadhani bado linajadiliwa. Likaandikwa.

Njia iliyopatikana ni zamu mbili. Zamu ya kwanza saa 1:00 hadi 9:30, zamu ya pili saa 2:00 hadi 10:30. Kila zamu ni saa nane na nusu, ukitoa saa ya chakula ni saba na nusu, mara tano ni 37 na nusu, na Jumamosi saa nne, jumla 41 na nusu. Iko chini ya 45. Lakini iko juu ya saa 39 za mwanzo, yaani kila mtu anaongezewa saa mbili na nusu kwa wiki, na hilo nalo tuliliandika kwa tarakimu. Ukificha nyongeza, mtumishi atapiga hesabu mwenyewe jioni, na hasira yake itakuwa ya kufichwa zaidi kuliko ya kuongezewa.

Kabla ya karatasi kwenda ubaoni, Mkuu aliwaita watu watatu, mmoja mmoja: mama mpishi, matroni, na mwalimu wa Kemia aliyekuwa na mtoto wa miezi minne. Hawa ndio ambao saa mpya ziliwagusa kuliko wengine, na kuwafanya wasome habari yao ubaoni wakiwa wamezungukwa na wenzao ingekuwa ukatili mdogo. Mwalimu wa Kemia alitoka na ahadi iliyoandikwa: zamu ya pili moja kwa moja, na muda wa kwenda kunyonyesha. Huo wa pili si fadhila, sheria ileile ya 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Mama mpishi naye alieleza kitu ambacho hakuna kati yetu aliyekifikiria: kama watoto wa ruti ya kwanza wanafika 12:50, uji lazima uive mapema, na yeye hapati daladala kabla ya saa 11:30 alfajiri. Hapo tulipata jambo jipya la fungu la pili, kabla hata mkutano haujafanyika.

Jumatatu tarehe 4 Agosti Mkuu aliitisha kikao saa 9:40 alasiri. Alieleza mwenyewe, amesimama, kwa dakika kama kumi, kisha ndipo karatasi zikagawiwa. Mpangilio huo nao una maana. Ukigawa karatasi kwanza watu wanasoma badala ya kusikiliza, na wanatafuta mstari unaowaumiza. Tangazo la pili lilikuwa hivi, na safari hii saa nilizikagua mara tatu:

"Ndugu watumishi,

Tangu basi letu moja liharibike, wanafunzi wa kwanza wanafika saa 12:50 asubuhi na wa mwisho wanaondoka saa 10:30 jioni. Kwa sasa, asubuhi na jioni wanabaki na mlinzi peke yake. Hali hiyo haiwezi kuendelea.

Nimeamua kwamba kuanzia Jumatatu tarehe 25 Agosti tutafanya kazi kwa zamu mbili, Jumatatu hadi Ijumaa: zamu ya kwanza saa 1:00 asubuhi hadi 9:30 alasiri, zamu ya pili saa 2:00 asubuhi hadi 10:30 jioni. Jumamosi inabaki kama ilivyo. Kila mmoja wetu ataongezewa saa mbili na nusu kwa wiki, kutoka 39 hadi 41 na nusu. Mshahara hautabadilika muhula huu.

Mambo yafuatayo bado hayajaamuliwa, na nahitaji mniambie kabla sijayaamua: nani awe zamu ipi, zamu zibadilishwe kila wiki au kila mwezi, na muda wa jikoni. Mwenye sababu ya kifamilia, ya kiafya, ya usafiri au ya masomo inayomzuia zamu fulani anaweza kuniona mimi au Makamu, au kuandika. Halazimiki kueleza mbele ya wengine.

Napokea hadi Jumatano tarehe 13 Agosti. Kila aliyeomba atapata jibu la maandishi kabla ya Jumatatu tarehe 18. Baadaye kila mmoja atapewa barua ya marekebisho ya saa zake kwa ajili ya mkataba. Jumatatu tarehe 22 Septemba tutakaa tena kuangalia mpango unavyokwenda.

Mkuu wa Shule"

Msomaji ataona kwamba neno "maoni" halimo popote. Tulilitoa makusudi. "Maoni yanakaribishwa" haisemi maoni kuhusu nini, kwa nani, mpaka lini, wala yatajibiwa lini. Badala yake kuna mambo matatu yaliyotajwa kwa majina, watu wawili wa kuwaendea, tarehe ya mwisho na tarehe ya jibu. Kuhusu tarehe ya mwisho, mwanzoni tuliweka Ijumaa tarehe 8, mpaka matroni akatukumbusha kuwa hiyo ni Nane Nane na nusu ya watu watakuwa makwao. Muda wa siku tatu nne kwa mtu anayehitaji kupanga upya nani atampeleka mtoto shule ni mzaha. Wiki tatu kutoka kikao mpaka siku ya kuanza zilitosha, hakuna aliyelalamikia muda.

Kikao chenyewe hakikuwa laini. Swali la kwanza, kama mhasibu alivyotabiri, lilikuwa la hela. Mwalimu wa Jiografia alisimama: "Mkuu, kwa heshima, saa kumi kwa mwezi bure?" Mkuu alijibu kwa namna ambayo naitamani: "Mwalimu, hilo limekwisha kwa muhula huu. Bajeti ya muhula tumeimalizia kwenye injini. Sitakwambia nitaangalia, kwa sababu sitaangalia mpaka bajeti ijayo. Bajeti ijayo nitalipeleka kwenye bodi, na utasikia kutoka kwangu bodi imesema nini." Walimu hawakufurahi, na hawakupaswa kufurahi. Ila mazungumzo yalihama. Angesema "tutaliangalia", tungekaa hapo mpaka magharibi.

Niliona kikao kizima anatumia majibu ya namna tatu tu. Limekwisha, na sababu ni hii. Hilo liko wazi, niandikie. Hilo sijui, nitakujibu Jumatano. Jibu la tatu alilitumia mara mbili, moja likiwa la mlinzi, ambaye hakuna aliyekuwa amemhesabu kwenye zamu. Ilikuwa aibu kidogo, lakini nadhani ndipo watu walipoamini kwamba karatasi ile haikuwa imefungwa pande zote.

Maombi yaliyokuja kwa maandishi yalikuwa tisa. Ninayataja mawili. Mwalimu wa Hisabati aliomba zamu ya kwanza ya kudumu kwa sababu anasoma shahada ya pili jioni. Akapewa, kwa sharti kwamba likizo ya chuo chake ikifika atazunguka kama wengine. Mwalimu mwingine aliomba zamu ya pili ya kudumu kwa sababu anakaa mbali. Akakataliwa, na barua yake ilimweleza sababu: wanaokaa mbali kama yeye walikuwa wanane, na wakiwekwa wote zamu ya pili, asubuhi wangebaki wachache mno kwa wanafunzi wote wa ruti ya kwanza. Badala yake akapewa kubadilisha kila mwezi badala ya kila wiki, ili apange usafiri wake mara moja. Hakuridhika. Aliniambia mimi, si Mkuu, tukiwa kibandani kwenye chai: "Angalau wamenihesabu."

Penye ruhusa za mtu mmoja mmoja ndipo mpango mzuri huoza. Zikitolewa kwa kunong'onezana, baada ya wiki mbili ofisi nzima inasema fulani anapendelewa. Zikitangazwa na sababu zake, umeanika maradhi na ndoa za watu. Mkuu alibandika orodha ya zamu ikiwa na majina na zamu tu, na chini yake mstari mmoja: wenye zamu ya kudumu wameomba kwa maandishi, na mlango huo uko wazi kwa yeyote mpaka tarehe 22 Septemba. Mtu akiuliza kwa nini fulani yuko zamu ya pili kila siku, jibu ni kwamba aliomba, nawe unaweza kuomba.

Kitu kimoja hatukukiweza. Daladala ya mama mpishi haikuanza kupita mapema kwa sababu ya tangazo letu, hata lingeandikwa kwa wino wa dhahabu. Tulijaribu wiki ya kwanza uji uandaliwe jioni na kuchemshwa asubuhi. Haukunyweka. Wiki ya pili dereva wa basi, ambaye naye hakuna aliyemuuliza chochote tangu mwanzo, alisema ruti ya kwanza inapita mita kama mia mbili kutoka kwa mama yule saa 12 kasoro, na kiti cha mbele kiko wazi. Tarehe 22 Septemba nilikuwa nimesharudi chuoni. Makamu aliniandikia kwamba uji unaiva saa 1:15, na kwamba mama anauliza kama yule kijana wa saa saba mchana amemaliza kusahihisha matangazo.